Taarifa ya malipo isiyokubaliana na pesa iliyofika: jinsi ya kusoma pengo na kurekebisha karatasi

Umelipa. Benki imetoa pesa. Umemtumia muuzaji taarifa ya malipo yenye orodha ya fakture, makato na kiasi halisi kilichotumwa. Siku tatu baadaye mhasibu wake anapiga simu: "Kuna kiasi kinakosekana." Hapo wengi hukimbilia kubishana juu ya nani ana deni. Anza kwanza na jambo dogo zaidi: muulize kiasi kinachokosekana ni shilingi, faranga au dola ngapi hasa, mpaka senti. Ukilijua pengo hilo kwa usahihi, mara nyingi lenyewe linakuonyesha kosa liko wapi, kwa sababu kila kosa huacha pengo la umbo lake.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Kampuni ya Lubumbashi inamlipa kwa dola muuzaji wa Likasi aliyeleta pampu za maji, mabomba na vali, kisha akazifunga. TVA ni 16%. Fakture ni tatu, na makato pia ni matatu: avansi iliyolipwa wakati wa komande, mabomba yaliyorudishwa kwa noti ya kredi, na zuio la garanti la 5% kwenye kazi ya ufungaji, kama mkataba unavyosema.

Karatasi ya kwanza iliyotoka ofisini ilikuwa na mistari mitatu tu: "Jumla ya fakture 16 124,00. Makato 3 642,00. Net 12 482,00." Hesabu yake ni sahihi kabisa, lakini muuzaji hawezi kuitumia. Mhasibu wa Likasi akifungua akaunti ya mteja wake haoni popote deni la 12 482. Anaona fakture tatu, na hakuna hata moja wala mbili zinazotoa jumla hiyo. Kwa hiyo pesa anaiweka pembeni kama malipo yasiyojulikana ni ya nini, fakture zote tatu zinabaki wazi, na mfumo wake unaendelea kutuma barua za kudai.

Karatasi iliyorekebishwa, yaani taarifa ya malipo namba TM-0088, inaonekana hivi:

| Fakture | Tarehe | Jumla na TVA | Makato | Sababu | Inayolipwa | Inabaki |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 0147 | 03/03 | 9 280,00 | 3 000,00 | Avansi ya 10/02 | 6 280,00 | 0,00 |
| 0152 | 11/03 | 4 060,00 | 522,00 | Noti ya kredi NC-031 | 3 538,00 | 0,00 |
| 0158 | 20/03 | 2 784,00 | 120,00 | Garanti 5% ya 2 400,00 bila TVA | 2 664,00 | 120,00 |
| Jumla | | 16 124,00 | 3 642,00 | | 12 482,00 | 120,00 |

Kiasi kilichotumwa hakijabadilika hata senti moja. Kilichobadilika ni kwamba kila kato limekaa kwenye mstari wa fakture yake, lina jina na namba ya hati inayolithibitisha, na kuna safu ya mwisho inayosema nini bado hakijalipwa. Safu hiyo ya "Inabaki" ndiyo ambayo watu huisahau zaidi, na ndiyo inayozuia ugomvi wa baadaye. Bila hiyo, muuzaji akiona 2 664 kwenye fakture ya 2 784 atadhani mmempunguzia bei. Garanti si punguzo. Ni pesa yake iliyoshikiliwa, na itadaiwa siku ya mapokezi ya mwisho ya kazi.

Dalili: pengo ni dogo na la mviringo, kama 15, 25 au 40

Taarifa yako inasema 12 482, muuzaji amepokea 12 457. Pengo la 25 halifanani na fakture yoyote wala kato lolote. Karibu kila mara hii ni gharama ya benki.

Angalia agizo la uhamisho ulilotia sahihi. Kuna sehemu ya gharama yenye moja ya herufi hizi: OUR, SHA au BEN. OUR maana yake gharama zote ni za anayetuma. SHA maana yake kila upande unabeba za benki yake, na benki za katikati zinaweza kukata njiani. BEN maana yake gharama zote zinatoka kwenye pesa ya mpokeaji. Mara nyingi karani hujaza SHA kwa mazoea, wakati mkataba unasema muuzaji apokee kiasi kamili.

Ili kuthibitisha unahitaji hati mbili: taarifa ya benki yako inayoonyesha kiasi kilichotoka, na taarifa ya benki ya muuzaji inayoonyesha kiasi kilichoingia. Ikiwa kwako imetoka 12 482 kamili, na gharama yako imekatwa kwa mstari tofauti, basi zile 25 zimekatwa njiani au kwenye benki yake.

Kosa kubwa hapa ni kurudi kwenye taarifa ya malipo na kuandika "Net 12 457" ili ifanane na kilichofika. Usifanye hivyo. Taarifa ya malipo inasema ulichotuma. Ukiibadilisha, haitakubaliana tena na benki yako wala na jumla ya fakture, na zile 25 zitageuka deni lisilo na asili. Ikiwa mkataba unakutaka ubebe gharama, ziongeze kwenye malipo yanayofuata kwa mstari wake: "Gharama za benki za TM-0088: + 25,00". Ikiwa mkataba unagawa gharama, mwandikie muuzaji hivyo, naye ataziweka kwenye akaunti 631 kama gharama zake za benki na kufunga fakture kwa kiasi kamili. Tangu sasa ongeza mstari mmoja chini ya jedwali: "Gharama za benki: SHA" au "OUR". Mhasibu wa upande wa pili ataelewa pengo kabla ya kupiga simu.

Dalili: pengo ni sawa na 16% ya kato fulani

Muuzaji anasema mmekata kidogo au mmekata kupita kiasi, na tofauti ni 19,20. Chukua kila kato ulilofanya, lizidishe kwa 16%. Garanti: 120 × 16% = 19,20. Umepata.

Mmoja amehesabu 5% juu ya bei bila TVA, yaani 2 400, akapata 120,00. Mwingine amehesabu juu ya jumla pamoja na TVA, yaani 2 784, akapata 139,20. Wote wawili wamepiga hesabu vizuri, ila msingi ni tofauti. Hakuna jibu la kubahatisha hapa: fungua kifungu cha garanti kwenye mkataba usome kinataja bei ipi. Kwenye fakture nyingi za kwetu bei mbili zimeandikwa HT, yaani bila TVA, na TTC, yaani pamoja na TVA, basi tafuta herufi hizo kwenye mkataba. Kama mkataba umenyamaza, kubalianeni kwa maandishi kabla ya malipo ya kwanza, kwa sababu msingi huohuo utatumika kwenye fakture zote zitakazofuata.

Ndiyo maana kwenye jedwali hapo juu hatukuandika "Garanti 5%" peke yake. Tumeandika "Garanti 5% ya 2 400,00 bila TVA". Asilimia bila msingi wake ni nusu ya habari. Kanuni hiyohiyo inahusu kodi yoyote ambayo sheria inakulazimisha kuikata kwa muuzaji na kuipeleka serikalini: andika kiwango, andika msingi, andika jina la kodi, na ahidi cheti cha malipo yake. Bila cheti hicho muuzaji hana jinsi ya kuthibitisha kwamba kodi yake imelipwa, na kwake kato lako litaonekana kama deni tu.

Dalili: pengo ni sawasawa na avansi

Anadai 3 000,00 kamili, wala si senti zaidi. Wewe unajua avansi ililipwa Februari, yeye anasema fakture 0147 haijaisha.

Tatizo mara nyingi liko kwenye vitabu vyake, lakini karatasi yako inaweza kulitatua. Katika mpango wa hesabu wa SYSCOHADA, avansi aliyopokea inakaa kwenye akaunti 4191, mbali na akaunti 411 ambako fakture zinadaiwa. Fakture ikishatoka, lazima mtu ahamishe zile 3 000 kutoka 4191 kwenda 411. Asipohamisha, akaunti moja inaonyesha deni lako na nyingine inaonyesha pesa yako, na programu inatuma madai bila kuangalia ya pili.

Kuandika "Avansi" bila kitu kingine hakumsaidii. Mpe tarehe ya malipo ya avansi, kiasi, namba ya bono ya komande iliyohusika, na rejea ya benki ya siku ile. Kwa hizo atakipata kwenye 4191 mara moja.

Halafu jiangalie na wewe. Kwako avansi ipo 4091. Ikiwa nawe hukuihamisha kwenda 401, vitabu vyako bado vinasema unadaiwa 9 280 kwenye fakture ile, na siku mtu mwingine akiandaa malipo atazilipa zile 3 000 mara ya pili. Kosa hili haliletewi simu na mtu yeyote, kwa sababu anayefaidika hana haraka ya kulisema. Kwa hiyo kabla ya kutuma taarifa ya malipo yenye avansi, chapisha salio la 4091 la muuzaji huyo. Baada ya kuingiza malipo linapaswa kuwa limepungua kwa kiasi hichohicho.

Dalili: pengo ni sawa na noti ya kredi

Hapa pengo ni 522,00, na kuna njia mbili za kufika hapo.

Ya kwanza: muuzaji alifuta fakture 0152 akatoa mpya ya 3 538, kisha akatuma pia noti ya kredi NC-031. Ofisi yako ikaingiza fakture mpya, ikakata na noti. Mabomba yaleyale yamepunguzwa mara mbili, umelipa 3 016. Dawa ni kuomba taarifa ya akaunti yako kutoka kwake, mstari kwa mstari, na kuuliza hati ipi kati ya hizo mbili ni halali. Haziwezi kuwa halali zote.

Ya pili: ulikata kwa kuangalia bono ya kurudisha mzigo, bila kungoja noti ya kredi. Kwako mzigo umerudi, basi pesa inapungua. Kwake hakuna hati, basi fakture bado ni 4 060. Hapa si suala la 522 peke yake. Ndani yake kuna 450 ya bei na 72 ya TVA. Fakture ya asili ilibeba TVA ya 560, na wewe ulishaiingiza kwenye TVA unayorudishiwa. Mpaka noti ya kredi itoke na TVA yake, upande wako na upande wake mnatangaza kodi isiyolingana na malipo. Kwa hiyo kanuni yangu ni kali: mzigo uliorudishwa haukatwi kwenye taarifa ya malipo bila namba ya noti ya kredi. Kama noti haijafika na muda wa kulipa umefika, acha fakture hiyo nje ya malipo, lipa zile mbili nyingine, na chini ya jedwali andika: "Fakture 0152 inasubiri noti ya kredi ya mabomba yaliyorudishwa."

Adhabu ya kuchelewesha mzigo ni kitu kingine. Ipe mstari wake, taja kifungu cha mkataba na barua uliyomwandikia muuzaji, wala usiichanganye na mzigo uliorudi. Na bei unayoibishia si kato hata kidogo. Ni ubishi, na mahali pake ni kwenye barua. Ukiuingiza kwenye safu ya makato bila yeye kukubali, karatasi nzima inapoteza imani, hata mistari iliyo sahihi.

Dalili: jumla ya karatasi yenyewe haitoki

Muuzaji anajumlisha kwa kalkuleta, anapata 16 124. Karatasi yako inasema 12 064. Tofauti ni 4 060, yaani fakture 0152 nzima. Iko kwenye jedwali, unaiona kwa macho, lakini haikuhesabiwa.

Chanzo ni namba iliyoingia kwenye Excel kama maandishi. Hutokea unapokopi kiasi kutoka PDF au WhatsApp, kwa sababu nafasi iliyo kati ya 4 na 060 inaweza kuwa alama iliyofichika ambayo Excel haiitambui. `SOMME` hupita juu ya maandishi bila kutoa onyo. Utaitambua kwa kuwa imeegemea kushoto mwa seli wakati nyingine zimeegemea kulia. Kwa uhakika, weka pembeni:

```
=ESTNUM(C7)
```

Ikijibu `FAUX`, futa seli na uandike namba kwa mkono.

Kuna ndugu yake wa hatari zaidi. Kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, mkato ni alama ya desimali. Mtu aliyezoea kuandika elfu kwa mkato akiandika `4,060`, Excel inaelewa nne na senti sita, yaani 4,06. Hii ni namba halali, `ESTNUM` itasema `VRAI`, na jumla itapungua kwa 4 055,94. Pengo la ajabu namna hiyo, lenye senti ambazo hazipo kwenye fakture yoyote, litafute kwenye mkato uliokaa pabaya.

Na kama pengo linagawanyika kwa 9 bila kubaki, tafuta tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Ukiandika 2 874 badala ya 2 784, tofauti ni 90. Si ushahidi kamili, ila ni mahali pazuri pa kuanzia.

Weka mtihani mmoja chini ya jedwali, usiotoka kwenye chapa:

```
=ARRONDI(C9-D9-F9;2)
```

C9 ni jumla ya fakture, D9 ni jumla ya makato, F9 ni jumla inayolipwa. Isipotoa 0, karatasi haiondoki ofisini. Kumbuka mtihani huu hauoni fakture iliyokosewa tangu kuandikwa. Kwa hiyo F9 uilinganishe pia na kiasi kilichoandikwa kwenye agizo la benki, kwa jicho, tarakimu kwa tarakimu.

Dalili: hakuna pengo, lakini muuzaji hatambui malipo

Kiasi ni sahihi, pesa imefika, naye bado anadai fakture zote. Angalia namba ulizoandika. Programu nyingi za hesabu huipa kila fakture inayoingia namba ya ndani, na taarifa ikichapishwa moja kwa moja hutoa namba hiyo. Muuzaji hajawahi kuiona. Anachohitaji ni namba yake mwenyewe, pamoja na sifuri za mbele: 0147, si 147. Excel hufuta sifuri hizo usipoiandaa safu kama maandishi. Hapa ndipo maandishi yanafaa. Kwenye safu za pesa, hapana.

Sehemu nyingine ya tatizo ni maelezo yanayosafiri na uhamisho. Katika MT103, ujumbe wa SWIFT ambao benki zimeutumia kutumiana uhamisho, sehemu ya 70 ina mistari 4 ya herufi 35, na alama kama °, &, # na _ hazikubaliwi. Ukiandika "Règlement factures N° 0147 & autres selon détail", baadhi ya alama zinaweza kupotea, na iliyobaki haisaidii. Andika kilicho muhimu mwanzoni, ndani ya mstari mmoja:

```
TM-0088 F0147 F0152 F0158 NC031
```

Hizo ni herufi 31. Hata benki ikikata mistari mingine, namba ya taarifa ya malipo imefika, na inamrudisha mhasibu kwenye jedwali lako.

Dalili: fakture ni za dola, malipo ni ya faranga

Pengo hapa ni kubwa na halina umbo. Tuseme ulihesabu kwa 2 800 kwa dola moja, yeye kwa 2 850. Kwa dola 12 482 hiyo ni tofauti ya faranga 624 100, na kila upande unaona mwenzake ameiba. Taarifa lazima ionyeshe jedwali lote kwa dola, kisha mstari mmoja wa kubadilisha: kiwango, tarehe ya kiwango, na kinakotoka, iwe Banque Centrale du Congo au benki ya biashara iliyotajwa kwenye mkataba. Usibadilishe fakture moja moja. Badilisha net tu, mara moja, ili kukadiria faranga nzima kusizae tofauti kwenye kila mstari.

Ukishapata kosa, jinsi ya kutuma marekebisho

Usitume karatasi mpya yenye namba mpya. Muuzaji atadhani kuna malipo mawili, na atangoja ya pili. Weka namba ileile na uongeze alama: "TM-0088, Marekebisho 1". Juu yake andika tarehe, na sentensi moja inayosema karatasi ipi imefutwa na nini kimebadilika. Ujumbe wa kuisindikiza uwe mfupi:

"Jambo Mama mhasibu. Tunakutumia TM-0088 Marekebisho 1, inayofuta ile ya tarehe 28/03. Kiasi kilichotumwa ni kilekile, dola 12 482,00. Tumeonyesha makato kwa kila fakture, na garanti ya dola 120,00 ya fakture 0158 inabaki deni letu kwako. Tafadhali tuthibitishie kwamba 0147 na 0152 zimefungwa."

Ombi la mwisho lina kazi. Akijibu "ndiyo", una maandishi kwamba fakture mbili zimekwisha, na ile ya tatu inabaki na 120 tu. Jibu hilo liwekwe pamoja na taarifa ya malipo, agizo la benki na noti ya kredi, kwenye faili moja. Siku ya kuachilia garanti, taarifa mpya itakuwa na mstari mmoja: fakture 0158, garanti iliyoshikiliwa kwenye TM-0088, inayolipwa 120,00, inabaki 0,00.